Maumivu ya msamba: tezi dume au misuli ya sakafu ya nyonga?

*Shikamoo dokta. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34. Huu ni mwezi wa nane nina maumivu pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kama nimekalia kokoto. Nikikaa mashineni yanazidi, nikilala yanapungua. Mkojo unanibana kila baada ya saa moja, nikifika chooni unachelewa kutoka, na mwishoni unachoma kwenye ncha ya uume. Nimepewa sipro mara tatu, kila mara napata nafuu wiki moja halafu hali inarudi. Mkojo ukipimwa hauna kitu. Altrasaundi imeandika tezi dume mililita 27, "dalili za maambukizi". Je, nimeze sipro kwa muda mrefu zaidi?*

Marahaba, ndugu yangu. Dozi ya nne usiinunue kwanza. Kwa ulivyojieleza, nina shaka kubwa kwamba kuna bakteria wa kuuawa hapo, na kipo kipimo rahisi cha kuthibitisha hilo kabla hujameza kidonge kingine.

Nianze na hiyo altrasaundi, maana naona ndiyo iliyokutia hofu. Mililita 27 kwa mwanaume wa umri wako si jambo la kutisha. Altrasaundi inaonyesha ukubwa wa tezi, jipu kama lipo, na mkojo unaobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa. Bakteria haiwaoni, na msuli uliokaza haiuoni pia. Maneno "dalili za maambukizi" mara nyingi huandikwa kwa sababu ya vidoa vya chokaa ndani ya tezi, na vidoa hivyo wanavyo wanaume wengi wasioumwa chochote.

Tezi dume iliyoambukizwa ina sura mbili. Ya ghafla haijifichi: homa, kutetemeka, mkojo unaochoma vibaya au kuziba kabisa. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na tezi yake haikandwi, kwa sababu kukanda kunaweza kusukuma bakteria kwenye damu. Sura ya pili ni ya muda mrefu. Mgonjwa hupata maambukizi ya mkojo yanayojirudia, na kila mkojo unapooteshwa maabara anaota bakteria yuleyule, mara nyingi E. koli. Kati ya mashambulizi huwa mzima au karibu na mzima. Bakteria hujificha ndani ya tezi, ambako dawa nyingi hazipenyi vizuri, kisha hutoka tena.

Wewe hali yako haifuati njia hiyo. Mkojo wako ni safi kila unapopimwa, na maumivu yako yanafuata mkao. Katika wanaume 100 wenye dalili kama zako kwa muda mrefu, hawazidi 10 hivi wanaokutwa na bakteria kwenye tezi. Waliobaki huandikiwa jina lilelile la ugonjwa wa tezi dume, na wengi wao chanzo, au sehemu kubwa ya chanzo, ni misuli.

Misuli gani? Chini ya kibofu na tezi dume kuna tabaka la misuli lililotandazwa kama machela, kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Ndiyo sakafu ya nyonga. Njia ya mkojo na njia ya haja kubwa zote zinapita katikati yake. Ili ukojoe, ni lazima tabaka hili lilegee kwanza, ndipo kibofu kibane. Likiwa limekaza, unasimama chooni na mkojo hautoki mpaka msuli ukubali kuachia. Msuli huo uliokaza pia hupeleka maumivu mbali na pale ulipo, kama msuli wa shingo unavyoumiza kichwa. Sehemu yake ya mbele hupeleka maumivu kwenye ncha ya uume. Ndiyo maana mtu huhisi mkojo unachoma ilhali mkojo wenyewe hauna kosa.

Na ile nafuu ya wiki moja? Swali hili naulizwa kila mara, na ni la haki. Dawa za jamii ya siprofloksasini zina uwezo kiasi wa kutuliza uvimbe hata pasipo bakteria. Tena maumivu haya kwa asili yake hupanda na kushuka, na mtu huenda kununua dawa siku yalipopanda, kwa hiyo yangeshuka hata bila dawa. Nafuu hiyo haithibitishi maambukizi, ila dawa yenyewe ina gharama mwilini. Inaweza kudhuru kano, hasa ile nene ya juu ya kisigino, mpaka ikakatika. Sipendi kuona kijana anaimeza mwezi mzima kwa kubahatisha.

Kipimo ninachokusudia tunakiita cha vikombe viwili. Kaa angalau wiki mbili bila antibayotiki yoyote. Siku ya kipimo utakojoa kidogo chooni, kisha mkojo wa katikati utauweka kwenye kikombe cha kwanza, na kibofu usikimalize. Daktari ataingiza kidole chenye glavu na mafuta kwenye njia ya haja kubwa na kuikanda tezi kwa takribani dakika moja, kutoka pembeni kuelekea katikati, ili majimaji yake yashuke kwenye njia ya mkojo. Mara tu baada ya hapo utakojoa mililita 10 za kwanza kwenye kikombe cha pili. Vikombe vyote viwili vinaoteshwa. Bakteria wakiota kwenye cha pili tu, au wakiwa mara 10 au zaidi ya wale wa kikombe cha kwanza, basi tezi ina maambukizi, na hapo siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 6 ni tiba halali, ilimradi bakteria huyo asiwe sugu kwake. Visipoota kitu, sipro haina kazi kwako. Usikubali kurudishwa kwenye dozi kwa sababu tu kikombe cha pili kimekutwa na chembe nyeupe za damu. Chembe hizo hupatikana hata kwa wanaume wasio na maumivu.

Kidole hichohicho kina kazi nyingine ambayo madaktari wengi tunairuka. Tunagusa tezi, tunatoa kidole, tunaandika. Misuli iko pembeni yake, kulia na kushoto, na haituchukui hata dakika mbili kuipima.

Nikupe mfano wa mgonjwa wangu mmoja, dereva wa lori wa miaka 41. Alikuja na bahasha ya vipimo vya miaka miwili na dozi saba za antibayotiki. Kazi yake ni kukaa saa nyingi, na mkojo alikuwa ameuzoesha kubanwa mpaka kituo kinachofuata, yaani sakafu ya nyonga ilikuwa imekazwa kutwa. Vikombe vyote viwili havikuota kitu. Nilipogusa tezi ilikuwa laini kama nyama ya chini ya kidole gumba, na alisema anahisi kusukumwa tu. Nikahamisha kidole kushoto, sentimita mbili hivi, nikakuta uzi mgumu kama kamba ya kiatu. Nilipoubonyeza taratibu alishtuka: "Hapo hapo dokta! Umenichoma mbele!" Kidole kilikuwa nyuma, maumivu yakatokea kwenye ncha ya uume, yaleyale ya siku zote. Kisha nilimwambia asukume goti la kushoto nje dhidi ya mkono wangu. Msuli wa ndani wa nyonga ukajaa chini ya kidole, nao ukauma. Alilia kidogo, na si kwa maumivu. Kwa miaka miwili mke wake alikuwa akiamini mumewe ameleta ugonjwa wa zinaa nyumbani.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga, mara moja kwa wiki, mara 10. Mtaalamu alibonyeza nyuzi zile kwa ndani na kuzishikilia mpaka zilegee. Nyumbani alikuwa na zoezi moja. Alilala chali, miguu juu ya kiti, mkono tumboni. Akivuta pumzi tumbo linapanda, na msamba anauacha ushuke, kama mtu anayeanza tu kuruhusu mkojo utoke, bila kusukuma. Dakika 5, mara tatu kwa siku. Jioni alikalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 15. Aliacha kubana mkojo barabarani, na kila saa moja na nusu alishuka kutembea. Tunapima hali hii kwa fomu ya maswali yenye alama 0 hadi 43. Alianza na 27, baada ya miezi mitatu alikuwa na 11. Akisafiri safari ndefu bado humuuma kidogo, lakini anajua la kufanya.

Zingatia jambo moja: mazoezi ya kubana msamba yanayosambazwa kwenye simu kwa ajili ya nguvu za kiume usiyafanye sasa. Msuli wako tayari umekaza, na kuuzidishia mkazo huongeza maumivu. Kama choo ni kigumu kitibu pia, kwa sababu kujikamua kila asubuhi kunaukaza upya. Kwa mkojo unaochelewa, daktari anaweza kukujaribishia tamsulosini miligramu 0.4 kwa wiki kadhaa. Ikikupa kizunguzungu unaposimama, mwambie.

Kabla ya kukubali kwamba ni misuli, mengine yaondolewe. Kama uliwahi kuoga au kuvua kwenye maji ya ziwa, bwawa au mto, pima kichocho, na mkojo uutoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Kama kuna usaha au mwenza mpya, pima magonjwa ya zinaa. Damu kwenye mkojo, homa, mkojo kuziba, au ganzi kwenye msamba pamoja na miguu kulegea, hayo usiyasubirie miadi.

Ukienda kwa daktari, mwombe apime pembeni kwanza, kulia na kushoto, na tezi aiguse mwisho, ndipo aikande kwa ajili ya kikombe cha pili. Tezi ikikandwa mwanzo, eneo zima litauma, na hamtajua tena ni wapi palipokuwa panauma kabla. Wewe kazi yako wakati huo ni moja. Kila anapobonyeza, mwambie kama ni maumivu mapya au ni yaleyale unayokaa nayo mashineni.