Sindano imepita siku 9

"Kaka yangu alikuwa anameza dawa ya ugonjwa wa akili, haloperidoli, miligramu 10 kwa siku, akahamishiwa sindano ya kila mwezi. Ya pili imepita siku 9. Achomwe mbili kwa pamoja?"

Hapana dada, mbili zisichomwe. Mpeleke kliniki kesho asubuhi, waamue dozi, na tarehe mpya ihesabiwe kuanzia hapo. Haloperidoli ya sindano imechanganywa na mafuta, hutoka msulini polepole, kwa hiyo siku 9 hazijaimaliza mwilini.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ndiyo kwanza ameanza. Kiwango cha dawa mwilini hujaa baada ya miezi mitatu minne hivi. Aliyekuwa anameza miligramu 10 mara nyingi huchomwa kama 100 kwa mwezi, na wiki za mwanzo huendelea na vidonge vikipunguzwa taratibu. Uliza kama vyake vilikatwa ghafla. Dawa nyingine ya aina hii, paliperidoni, huanza kwa sindano mbili ndani ya wiki moja bila vidonge, lakini bei yake ni kubwa.

Akikesha usiku au sauti zikirudi, usingoje kesho. Shingo ikipinda au macho yakipanda juu, kliniki wana dawa ya kulegeza. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.