Chumvi hutangulia mafuriko: kwa mnaoanza kupima visima vya visiwani na mashamba ya delta

Wengi hufika kwenye kazi hii wakiwa na picha moja kichwani: bahari inapanda na kufunika nchi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini inachelewa. Kisiwa huweza kukosa maji ya kunywa, na shamba likakataa mpunga, miaka mingi kabla ya kuzama. Kinachotangulia ni chumvi, na chumvi hupita chini.

Barafu ya nchi kavu, yaani barafuto za milimani pamoja na barafu ya Grinlandi na Antaktika, ikiyeyuka huongeza maji baharini. Ile inayoelea tayari haiongezi kitu cha maana. Maji ya bahari yenyewe nayo hutanuka yakipata joto. Kwa pamoja, wastani wa usawa wa bahari duniani umepanda takriban sentimita 10 tangu mwaka 1993. Kwenye kisiwa cha atoli, yaani kisiwa chembamba cha matumbawe, ambacho sehemu kubwa yake haifiki mita mbili juu ya bahari, hizo si kidogo.

Sasa tazama chini ya kisiwa hicho. Hakuna mto wala ziwa. Mvua hupenya mchangani na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kidogo. Kanuni ya kwanza kuishika ni hii: kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban sentimita 40 chini yake. Kisima ambacho maji yake yamesimama sentimita 30 juu ya bahari kinakisiwa kuwa na mita 12 za maji matamu chini. Vuta maji kwa pampu hadi usawa ushuke sentimita 10 na ubaki hivyo, na mita nne zitapotea kutoka chini, mahali usipopaona. Hesabu hii huzidisha kidogo, maana mpaka wa maji matamu na ya chumvi hauko kama kisu, yanachanganyika. Chini ya pampu yenye nguvu chumvi hupanda kama kichuguu.

Msimu wangu wa kwanza nilichota ndoo juu ya kisima siku mbili baada ya mvua. Kipimo cha upitishaji umeme, ambao huongezeka kadiri chumvi inavyozidi majini, kikasoma 600 µS/cm, nami nikawaambia wenyewe maji yao ni salama. Haikupita muda wakaniita: chai ilikuwa na chumvi. Nilikuwa nimepima mvua tu. Tangu siku ile nashusha kihisi taratibu, nikiandika kila nusu mita hadi chini, na kando ya kila namba naandika saa na hali ya maji, kama ni kujaa au kupwa, kama ni bamvua au la. Maji ya bahari husoma karibu 50,000, kwa hiyo namba ikiruka ghafla ukishuka, mpaka umeupata. Rudi mwisho wa kiangazi uone kama umepanda.

Kisiwa kikiwa na nafasi, maji matamu hupanda pamoja na bahari. Hatari huja ufuo ukiliwa na kisiwa kikawa chembamba, au mawimbi ya dhoruba yakivuka nchi na kumwaga chumvi kutoka juu. Mwaka 2005 kimbunga Percy kilifanya hivyo Pukapuka, katika Visiwa vya Cook, na visima vilichukua karibu mwaka mzima kurudi kunyweka. Mashimo ya magimbi nayo yaliingiwa na chumvi, kwani huchimbwa makusudi hadi yafikie maji. Bahari ikiwa juu zaidi, wimbi dogo linatosha kuvuka.

Kwenye delta, usipime bahari peke yake. Pima na ardhi. Kusini-magharibi mwa Bangladesh, kuanzia miaka ya 1960, mashamba yalizungushiwa matuta ili maji ya chumvi yasiingie. Yalizuia chumvi, lakini yalizuia pia tope ambalo mto ulikuwa ukilipandishia shamba kila mwaka, huku udongo wa ndani ukiendelea kushindiliwa na uzito wake. Kimbunga Aila kilipovunja matuta mwaka 2009, eneo moja lililozungushiwa tuta, liitwalo Polda 32, lilikuwa limeshuka zaidi ya mita moja ukilinganisha na kujaa kwa maji, wakati mikoko ya jirani, ile inayopokea tope, ilikuwa bado inakwenda na bahari. Maji yaliingia na kutoka humo kwa karibu miaka miwili. Watu waliishi juu ya matuta.

Lakini maji yale yale yaliacha tope jipya, mahali pengine makumi ya sentimita. Ndiyo maana ukipelekwa kwenye delta na kuulizwa tuta liongezwe kimo kiasi gani, chukua kwanza kimo cha shamba na kimo cha mikoko ya nje, kisha uliza tope la mto linakwenda wapi siku hizi.