Walichora, waliagizwa, au walichoreshwa?

*Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya picha na mabango ya zamani ya Kirusi na Kichina. Nimeandika “uhalisia wa kijamii”, mhariri wangu kanisahihisha “uhalisia wa kijamaa”. Mimi naona hata “uhalisia” wenyewe haufai, maana picha hizi zinadanganya mchana kweupe. Tena nimeandika kwamba wachoraji “walichoreshwa” viongozi na wafanyakazi mashujaa, yeye kafuta kaweka “waliagizwa”. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Kwenye neno la kwanza mhariri wako kakupiga bao. Kijamii ni habari ya jamii, kijamaa ni habari ya ujamaa, na katika historia ya sanaa irabu hizo mbili za mwisho zinatenganisha watu wawili wasioweza kukaa meza moja. Uhalisia wa kijamii ni kazi ya wachoraji kama Käthe Kollwitz wa Ujerumani: mama mwenye njaa, mtoto mgonjwa, kibarua aliyechoka, vyote vikiwekwa mbele ya mtazamaji ili wakubwa waone haya. Uhalisia wa kijamaa ni sanaa iliyosimamiwa na wakubwa hao hao, na humo kibarua hachoki. Wapo wanaoandika “wa kisoshalisti” ili msomaji asidhani tunazungumzia vijiji vya ujamaa vya Tanzania. Si kosa, ila “wa kijamaa” limeshazoeleka kwa wahakiki wa fasihi yetu, nami ningeliacha.

Kuhusu “uhalisia”, malalamiko yako yana msingi, lakini jina si letu kulibadilisha. Wenyewe ndio waliojiita hivyo, na walikuwa na hoja. Agosti 1934, kwenye kongamano la kwanza la waandishi wa Kisovieti mjini Moscow, ilipitishwa fasili iliyomtaka msanii aonyeshe hali halisi kwa ukweli, “katika maendeleo yake ya kimapinduzi”. Fasili iliwekwa kwa ajili ya waandishi, ila wachoraji nao walipimwa kwa kipimo hicho hicho. Ujanja wote umejificha katika maneno hayo ya mwisho. Kwa Kiswahili tungesema msanii hakutakiwa kuchora mambo yalivyo. Alitakiwa kuchora mambo yatakavyokuwa, huku akiyapa sura ya mambo yalivyo. Wakati ujao unavaa nguo za wakati uliopo.

Tazama picha ya Arkadi Plastov ya 1937, sikukuu kwenye shamba la ushirika. Meza zimejaa vyakula, watu wamesongamana kwa furaha, na juu yao pametundikwa picha ya Stalin pamoja na kauli yake ya miaka miwili nyuma kwamba maisha yamekuwa bora, maisha yamechangamka zaidi. Njaa ya 1932 na 1933, iliyoua mamilioni Ukraine, Kazakhstan na kando ya mto Volga, ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano. Plastov hakuwa mtu wa mjini aliyebahatisha, maana alikuwa mwenyeji wa Prislonikha, kijiji cha upande huo huo wa Volga. Nyuso, vilemba vya wanawake na mikono ya wakulima alivijua, na amevichora vizuri sana. Kila kipande kimoja kimoja ni cha kweli, ni mkusanyiko wake tu usio wa kweli. Kwa hiyo acha “uhalisia” ukae, kisha kwenye maelezo mweleze msomaji ni uhalisia wa namna gani.

Sasa tuje kwenye kitenzi, ambapo nyote wawili mna haki, lakini si kwa picha zile zile.

Mnyambuliko wa “choresha” una tabia mbili. Mtu akisema “nimeshonesha nguo kwa fundi”, hajamlazimisha fundi. Kampa kitambaa, kipimo na malipo. Vivyo hivyo “serikali ilichoresha picha” ni sentensi tulivu kabisa. Ila ukiigeuza ukamfanya mchoraji kuwa kiima, “mchoraji alichoreshwa”, harufu inabadilika. Inakuwa kama “aliimbishwa” au “alisemeshwa”: mkono ni wake, nia ni ya mwingine. Ndiyo maana lazima ujue kazi ilivyokwenda kabla hujachagua.

Huko Urusi kazi ilikwenda hivi. Tarehe 23 Aprili 1932 chama tawala kilivunja vikundi vyote huru vya waandishi na wasanii, na mahali pake vikaja vyama vya kitaifa chini ya uangalizi wake. Mchoraji hakuwa na haja ya kushikiwa bunduki. Kazi kubwa, rangi, chumba cha kuchorea, safari ya kwenda kuchora kiwandani, nafasi ukutani kwenye maonyesho, vyote vilipitia mikono ile ile. Alitia saini mkataba, akapewa sehemu ya fedha mwanzoni, akapeleka mchoro wa awali kwa baraza la kukagua, akaambiwa huyu amekaa nyuma mno, yule mbona kanuna, akarekebisha, ndipo akaendelea. Asiyekubali hakufungwa lazima. Mara nyingi alikosa mkataba tu, na soko jingine la maana halikuwapo. Aliyepatia aliweza kupata Tuzo ya Stalin, ambayo daraja lake la kwanza lilikuwa rubo 100,000.

Kwa mpango huo, “picha iliagizwa” ndiyo sentensi sahihi. Angalia kiima lakini. “Mchoraji aliagizwa” humfanya msomaji afikirie mtoto aliyetumwa dukani. “Picha iliagizwa” ni lugha ya biashara, na hii ilikuwa biashara yenye mnunuzi mmoja.

Sababu nyingine ya kutotumia “walichoreshwa” kwa jumla ni kwamba inamfuta mchoraji. Chukua picha ya Aleksandr Gerasimov ya 1938, Stalin na waziri wake wa ulinzi, Voroshilov, wakitembea Kremlin. Hakuna picha ya kuagizwa kuliko hiyo: viongozi wakubwa kama minara, mji uko chini yao, mawingu yanafunguka. Lakini shuka macho miguuni. Njia imelowa, na maji yanang'aa kwa rangi za kijivu na fedha. Mvua hiyo haikutoka kwa baraza lolote. Gerasimov alikuwa na ugonjwa wa kupenda sakafu zilizolowa, na miaka mitatu nyuma alichora baraza la nyumba yake mara baada ya mvua, hakuna kiongozi hata mmoja ndani. Warusi wenyewe waliibatiza picha ya Kremlin kwa utani wenye vina, “viongozi wawili baada ya mvua”. Utani huo ni uhakiki mzuri kuliko nyingi za wataalamu.

Kwa upande wa China, kama katika zile ulizonazo mna picha ya Dong Xiwen ya kuasisiwa kwa taifa, hapo utavihitaji vitenzi vyote viwili. Hii iliagizwa kwa ajili ya makumbusho ya mapinduzi mjini Beijing, ikakamilika 1953: rangi za mafuta, kimo cha takriban mita 2.3 na upana wa mita 4. Mao yuko kwenye roshani ya lango la Tiananmen tarehe 1 Oktoba 1949, anasoma tangazo mbele ya vipaza sauti. Viongozi wenzake wamesimama upande wa kushoto wa picha, taa nyekundu zinaning'inia juu, na upande wa kulia uwanja umejaa bendera. Dong alikuwa amekaa miaka kadhaa kwenye mapango ya Dunhuang akinakili michoro ya kale ya ukutani, na rangi zake kali, zisizo na vivuli vingi, zimetoka huko na kwenye picha za jadi za Kichina za mwaka mpya. Tena alifanya jambo la ujasiri: aliondoa nguzo moja ya lango ili uwanja uonekane kwa upana. Msanifu majengo Liang Sicheng alisema kwa usanifu ni kosa, kwa sanaa ni ushindi. Hadi hapo Dong alichora. Andika “alichora” bila wasiwasi.

Mwaka uliofuata Gao Gang, mmoja wa waliosimama mstari wa mbele, aliangushwa katika chama, akajiua. Dong akatakiwa amwondoe, akamfunika kwa rangi. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ikawa zamu ya Liu Shaoqi, mtu aliyekuwa rais wa nchi. Mahali pake akawekwa kiongozi mwingine, Dong Biwu. Mwaka 1972 ikatakiwa atoke na Lin Boqu, mzee mwenye mvi. Dong Xiwen alikuwa mgonjwa wa saratani, hakuiweza tena, na mwaka uliofuata alifariki. Wachoraji wawili, Jin Shangyi na Zhao Yu, wakapewa kazi ya kutengeneza nakala nzima isiyo na mzee huyo. Mnamo 1979, upepo ulipogeuka, waliofutwa wakarudishwa, lakini kwenye nakala hiyo, si kwenye ile ya asili.

Hapo ndipo pa kitenzi chako: “Dong alichoreshwa upya picha yake mwenyewe.” Hakuna “aliagizwa” itakayobeba uzito huo, maana mkono ulikuwa wake na mtu aliyefutwa hakuwa chaguo lake. Na kama unataka kujua bango lako ni la wakati gani, usihangaike na karatasi. Chapa za 1953 zilikwisha kusambaa kabla ya marekebisho, kwa hiyo tafuta Gao Gang mwishoni mwa mstari wa mbele. Akiwapo, una toleo la kwanza, au lililorudishwa baadaye. Asipokuwapo, angalia kama Liu bado yupo.

Dokezo moja dogo kabla hujarudisha kazi kwa mhariri. Naona kwenye rasimu yako idara za vyama tawala vya nchi hizo mbili umeziita “idara za uongo”. Hapana. Urusi ilikuwa na idara ya propaganda, na bango la mlangoni lilisema hivyo hivyo bila aibu. Wachina nao wana neno lisilo na matusi ndani yake. Kiswahili kina “uenezi”, na yeyote anayefuata siasa za Tanzania amezoea kumsikia katibu wa itikadi na uenezi. Tumia “uenezi” kwa jina la idara, “propaganda” unapotoa hukumu yako, na “kasumba” uiache kwa yaliyomo kichwani mwa mtazamaji.

Maelezo ya Dong yaandike hivi: “Picha iliagizwa na makumbusho ya mapinduzi, Beijing. Dong Xiwen aliichora mwaka 1953, kisha akachoreshwa upya sehemu zake kila viongozi waliomo walipoangushwa.” Ya Vladimir Serov wa Urusi, Lenin akitangaza utawala wa Kisovieti, usiifuatishe kwa mtindo huo. Ile ya 1947 ina Stalin nyuma ya Lenin, ilipata tuzo na haikuguswa. Ya 1962, isiyo na Stalin, ni kitambaa kingine. Hapo ni “alichora tena”.