Madoa yanageuka kijivu chini ya faundesheni

Swali: Dada, mimi ni mweusi wa kati. Mashavuni nina madoa ya chunusi za zamani, na kuzunguka mdomo kumekolea weusi. Nikipaka faundesheni, hata mara tatu, madoa yanageuka kijivu. Niliona watu wanatanguliza rangi ya machungwa, nikajaribu na lipstiki, nikatoka na mashavu ya machungwa. Sendofu ya mdogo wangu ni mwezi ujao. Sitaki dawa ya kuondoa madoa, nataka kuyafunika siku hiyo tu. Nakosea wapi?

Jibu: Anza na hicho kijivu, maana ukijua kinatoka wapi utajua pia kiasi cha machungwa unachohitaji. Faundesheni nyingi hupata nguvu ya kuziba kutoka kwa unga mweupe, titani dioksaidi, uliochanganywa na rangi za njano, nyekundu na nyeusi. Unga mweupe ukikaa kama utando mwembamba juu ya kitu cheusi, jicho linaona ubuluu. Zimua maziwa kwa maji mengi, mimina kidogo kwenye bakuli jeusi, utauona ubuluu huo pembeni. Ndicho kinachotokea juu ya doa lako. Ukiongeza tabaka la pili na la tatu unaongeza weupe, doa linabaki linachungulia, na uso unazidi kuwa mzito.

Machungwa ni kinyume cha buluu. Yakitangulia juu ya doa, ule ubuluu unakufa kabla faundesheni haijafika, na doa linabaki kahawia yenye joto ambayo tabaka moja jembamba linaweza kuimaliza. Kazi ya korekta, yaani hiyo rangi ya machungwa inayotangulia, ni hiyo tu. Haifuti doa. Wengi wanakosea hapa: wanaipaka mpaka doa lisionekane kabisa, kisha wanashangaa faundesheni imeshindwa kuficha machungwa.

Rangi inategemea ngozi. Mtu wa maji ya kunde anatosha na pichi. Wewe mweusi wa kati chukua machungwa yenyewe. Aliye mweusi zaidi anahitaji machungwa yanayoelekea wekundu wa tofali, kwa sababu pichi ina weupe mwingi ndani yake na juu ya ngozi yake italeta kijivu kilekile unachokikimbia. Lipstiki inaweza kusaidia kama ni ya mati na haina chenga za kung'aa, lakini nyingi zina mafuta yanayoteleza. Ukisugua faundesheni juu yake, vyote viwili vinachanganyika na shavu zima linakuwa la machungwa. Nadhani ndicho kilichokupata. Kwa siku yenye picha nyingi, nunua korekta ya krimu.

Sasa tufanye shavu moja. Paka losheni nyepesi na kinga ya jua, kisha acha dakika kama kumi mpaka ngozi isiwe na utelezi ukiigusa. Ukiharakisha hapa, kila kitu kinachofuata kitajikunja na kutoa vijinyuzi. Chukua korekta kiasi cha punje moja ya mchele na uiweke nyuma ya kiganja, ipate joto. Tumia brashi ndogo yenye ncha, ya kupakia kope au midomo. Gusa doa moja moja, katikati yake, bila kuvuka ukingo. Kisha kwa kidole cha pete pigapiga ukingo tu, polepole, machungwa yayeyuke kuelekea ngozi safi. Katikati usipaguse, maana ndipo panapohitaji rangi.

Sogea hatua mbili kutoka kwenye kioo, ukiwa karibu na dirisha. Doa likionekana kahawia iliyokolea kidogo kuliko shavu, umefika. Likionekana la machungwa, umezidisha: gandamiza tishu juu yake, inyonye ziada. Likiwa bado na ubaridi wa kijivu, ongeza mguso mmoja. Acha dakika moja au mbili, kisha gandamiza poda laini kidogo sana kwa brashi ndogo. Hatua hii ya poda wengine wanairuka, mimi siiruki kwa ngozi yenye mafuta.

Faundesheni iwe rangi ya shingo yako, si nyeupe kuliko hiyo. Kijivu kingine hutoka hapahapa, kwa watu wanaonunua rangi wanayotamani kuwa nayo. Paka kwanza maeneo yasiyo na madoa kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana. Kile kilichobaki kwenye sponji ndicho unachogandamizia juu ya madoa, wima, juu chini, bila kuvuta. Ukivuta, korekta inahama. Kama doa moja bado linaonekana, weka konsila ya rangi ileile ya uso kwa ncha ya brashi. Ile konsila ya kung'arisha chini ya macho usiilete hapa, itarudisha kijivu ndani ya dakika.

Kuzunguka mdomo ni kazi tofauti. Eneo ni kubwa na linacheza siku nzima: unacheka, unakula, unabusu mashangazi. Usipake machungwa mazito kama kwenye doa. Paka nusu ya kiasi, ukitandaza kwa sponji, na uanzie pale penye weusi zaidi, kwa wengi ni kwenye pembe za mdomo. Faundesheni hapo iwe nyembamba kuliko popote, vinginevyo itapasuka kwenye mistari ya tabasamu kabla ya keki. Mimi huacha weusi kidogo ubaki. Uso ambao eneo la mdomo limefanana kabisa na paji unaonekana umechorwa, na kamera inaliona hilo haraka kuliko watu.

Kama una pia mabaka yaliyopauka kuliko uso, machungwa hayahusiki, maana hapo hakuna ubuluu wa kuua. Utahitaji faundesheni iliyokolea kidogo, ikigandamizwa kwenye baka peke yake, halafu ile ya uso juu yake.

Korekta inashughulika na rangi tu. Kovu lililoinuka au kishimo vina kivuli chake, na kivuli kinabadilika kila ukigeuza uso, kwa hiyo hakuna rangi itakayokifuta. Usipake poda yenye kung'aa juu yake. Chunusi iliyo wazi au inayotoa maji iache, na doa linalokua, kubadilika umbo au kutoa damu mwonyeshe daktari wa ngozi kabla ya kulifunika.

Fanya jaribio moja kamili kabla ya siku yenyewe, saa ileile utakayopambwa, na ukae nalo mpaka jioni. Piga picha moja nje kivulini na moja ndani kwa flashi. Kijivu kikionekana kwenye ile ya flashi tu na si ya kivulini, mara nyingi tatizo ni poda nyeupe uliyomalizia nayo, wala si korekta. Badilisha hiyo poda kwanza. Kikionekana kwenye zote mbili, panda kwenye machungwa yaliyokolea zaidi. Usiku toa vyote kwa mafuta ya kusafishia vipodozi kabla ya sabuni, kwa sababu sabuni peke yake huacha korekta kwenye vinyweleo.