Mteja akisema nguo "inabanabana", usikimbilie kufumua

Mama mmoja wa Pasua aliniletea gauni lake la kitenge siku ya Jumanne. Nilikuwa nimelishona mwenyewe, hapa hapa Moshi, kwenye kibaraza ninachokodi karibu na soko la Mbuyuni. Akalilaza juu ya cherehani, akasema, "Fundi, mkono unanibanabana." Kipaimara cha mwanawe kilikuwa Jumapili.

Kwa sikio langu la siku hiyo, kubanabana kulikuwa kubana kidogo. Mkono ukibana kidogo dawa yake naijua: ndani nilikuwa nimeacha akiba ya mshono, inchi moja kila upande. Nikafumua mshono wa mkono kuanzia kwapani hadi chini, nikaongeza inchi moja na nusu, nikapiga pasi, nikaning'iniza. Wala sikumvalisha. Ijumaa akaja kuchukua, akavaa, na mkono ukawa unapwaya kama wa kanzu ya kuazima. Kisha akanyanyua mkono kuweka sawa kilemba, na gauni lote likapanda naye hadi juu ya kiuno. "Unaona?" akasema. "Bado unanibanabana."

Hapo ndipo nikauliza swali nililopaswa kuuliza Jumanne. Unakubana saa ngapi, mama? Akasema akikaa haumbani. Akitembea haumbani. Unambana akishika bomba la daladala, akimbeba mtoto begani, au akianua nguo kwenye kamba.

Nimeshona miaka mingi, na nimeongea Kiswahili miaka mingi zaidi, lakini siku ile ndiyo niliyoelewa kazi ya kurudia neno katika kitenzi. Tukilirudia tendo, tunalitawanya kwenye muda, linakuwa la hapa na pale, linakuja na kuondoka. Ukubwa wa tendo lenyewe ni habari nyingine kabisa. Ukitaka kuhakikisha, sikiliza watu wanavyoisema mvua. Mvua "inanyesha" ni mvua iliyoshika. Mvua "inanyeshanyesha" huenda ikamwagika kwa nguvu robo saa hadi uokoe vitambaa vya wateja kwa kukimbia, halafu jua likatoka, halafu ikarudi. Hakuna aliyesema ni nyepesi. Tumbo "linaumauma" vilevile: likishika linaweza kukukunja, ila lina vipindi vya kuachia. Mtoto "analialia" tangu asubuhi hana kilio cha kuogofya majirani, lakini hajanyamaza pia.

Ule ulaini tunaousikia ndani ya maneno haya unatokana na huko kutawanyika. Kitu cha vipindi hakina uzito wa kitu cha mfululizo, basi sikio linakipunguza lenyewe. Mara nyingi sikio linapatia. Kwenye mkono wa gauni langu lilikosea.

Ningekuwa nimelisikia neno vizuri, kazi ingekuwa nyepesi. Nguo "inayobana" inabana muda wote, kwa hiyo kosa liko kwenye upana wa kitambaa kuzunguka mwili. Unapima mwili, unapima nguo, unaachia. Nguo "inayobanabana" inabana mwili ukisogea, kwa hiyo kosa liko pale mwili unapokunjikia: kwapani, mgongoni, kwenye mapaja mtu akikaa. Mkono wa yule mama ulikuwa na unene wa inchi kumi na nne, na mkono wa gauni, kabla sijauharibu, ulikuwa na inchi kumi na tano na nusu. Nafasi ilikuwapo. Kilichokosewa ni duara la kwapa, nililikata likashuka chini mno. Kwapa likikatwa chini, mkono ukinyanyuka hauna pa kutoka, unavuta ubavu, na ubavu unavuta gauni zima. Dalili yake ndiyo ile ya gauni kupanda kiunoni.

Nikaurudisha mkono kwenye kipimo chake cha zamani. Kisha nikafumua kwapani tu, pale mshono wa mkono, wa ubavu na wa duara vinapokutana, inchi mbili na nusu kila upande, nikatia kikwapa. Wanaoshona kanzu wanakijua: ni kipande kidogo cha kitambaa kinachowekwa kwapani ili mkono upate nafasi ya kunyanyuka. (Neno hilohilo ni jina la harufu ya jasho, kwa hiyo usimwambie mteja "nitakutilia kikwapa" bila maelezo. Mimi nilimwambia, na akanikazia macho.) Nilikikata kwa umbo la kashata, kwa mshazari wa kitambaa ili kivutike kidogo. Jumamosi jioni akanyanyua mikono yote miwili na pindo halikusogea.

Tangu siku hiyo, mteja akitumia neno la kurudia simuulizi "kiasi gani". Namuuliza "saa ngapi" au "ukifanya nini". Suruali inavutavuta? Ukifanya nini? Kola inachomachoma? Ukigeuka upande gani?

Sasa kuna mtu atasema: mbona kukatakata si kukata kwa vipindi? Ni kweli, na hapa watu wengi wanaokariri kwamba "kurudia neno ni kulipunguza" wanapotea. Nikimwambia kijana ninayemfundisha kazi, "Kikate kile kitambaa," atachukua chaki na kunisubiri nimpe vipimo. Nikimwambia "kikatekate", kwisha habari yake, nitakuta vipande vya kujazia mto. Kitenzi bado kimetawanya tendo kama kilivyotawanya kubana, mkasi umepita mara nyingi. Tofauti ni kwamba kila mkato umeacha alama juu ya kitu, na alama zinajumlishana. Ndivyo ilivyo kwa kuchanachana, kuvunjavunja, kutoboatoboa. Kulialia hakuachi kitu nyuma. Kutembeatembea hakumfikishi mtu popote. Basi kabla hujaamua kama neno limelegezwa au limekazwa, tazama kama tendo lile linaharibu kitu. Kama linaharibu, kurudia kunamaliza kazi.

Na angalia ninavyomwambia kijana: "kikatekate". Kile kiambishi cha mbele hakirudiwi, ila mwisho wa neno unabadilika mara zote mbili, kate na kate. "Usimguseguse", "utembeetembee kidogo". Mtu akisema "usimgusaguse" utajua bado anajifunza.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa aibu. Fundi mwenzangu, mtu mzima kwangu, alikuwa akihangaika na koti lenye bitana. Nikapita nikamsalimu, "Shikamoo mzee, bado unashonashona?" Nilidhani nachangamsha. Akaitikia marahaba kwa mkato, na hakunisemesha hadi jioni. Ukijisemea mwenyewe "nashonashona tu hapa" ni unyenyekevu, unaipunguza kazi yako isionekane kubwa mbele ya watu. Ukimsemea mwingine, unamwambia kazi yake haina mwelekeo, anashona mara hapa mara pale na koti haliishi. Ndiyo maana "anasemasema" ni tusi la kiungwana, na "nilikuwa napitapita tu" ni udhuru mzuri ukienda kwa mtu bila taarifa. Neno la kurudia jisemee mwenyewe upendavyo, ila mwingine msemee kwa uangalifu, hasa kwa mtu unayemwamkia shikamoo.

Kwenye majina ya vitambaa hakuna utata. Kitambaa cha maua maua, cha mistari mistari, cha madoadoa: kitu kimetawanywa juu ya kitambaa badala ya kutawanywa kwenye muda. Doa moja ni hasara ya muuzaji, madoadoa ni mtindo. Rangi ndiyo yenye mtego kidogo. Mteja akitaka uzi "mwekundu mwekundu hivi", lile "hivi" linakuambia anataka unaokaribia wekundu. Akitaka "vifungo vyekundu vyekundu" anakuambia uchague vyekundu tu humo kwenye kopo, na uwe wekundu kweli.

Polepole nayo niiseme, kwa kuwa mji huu unaishi kwayo. Waongozaji na wagumu, yaani wabeba mizigo, wanaopandisha wageni Kilimanjaro wanaitaja kutwa nzima. Hiyo imeshagandamana. Huwezi tena kuikata nusu ukabaki na mwendo, utabaki na "pole", na pole tunampa aliyefiwa au aliyejikwaa. Ndiyo maana naiandika kwa neno moja, kama sawasawa na mbalimbali, ambayo nayo ukiikata inakuwa habari ya umbali. "Kidogo kidogo" naiacha maneno mawili, maana kila kidogo bado ni kidogo.

Na hicho kidogo kidogo ndicho kilichonila pesa. Mteja akisema "nitakulipa kidogo kidogo", amekuambia jambo moja tu, kwamba pesa itagawanywa. Hajataja kipande kina ukubwa gani wala kitakuja lini. Nimewahi kupokea elfu mbili, nikakaa miezi miwili, nikapokea elfu moja, na mdaiwa hakuwa amevunja ahadi hata kidogo. Alilipa kidogo, tena kidogo. Namba ikirudiwa inafanya kazi nyingine. Pale Mbuyuni nyanya za "buku buku" kila fungu ni elfu moja, hakuna fungu la mia tisa. "Elfu tano tano" ni elfu tano kila mara. Linarudiwa neno la mwisho tu, na hesabu inajulikana.

Yule mama wa Pasua gauni lilikuwa elfu arobaini na tano, alikuwa ametanguliza ishirini. Jumamosi ile, baada ya kunyanyua mikono mara ya mwisho na kuridhika, alikunja gauni akasema, "Hiyo iliyobaki nitakupunguzia kidogo kidogo, fundi."

"Ngapi ngapi, mama?"

Akacheka. "Tano tano. Kila Jumamosi."

Nikaandika kwenye daftari: Jumamosi tano. Ya kwanza aliileta kabla sijafungua kibaraza, akamwachia muuza mkaa wa jirani.