Maswali ya kilio: mzee aliyeugua ugonjwa wa kusahau

"Rafiki yangu alimchunga mama yake miaka saba, mama amefariki juzi. Kila anayeingia kwenye kilio anamwambia 'sasa umepumzika'. Mimi nimwambie nini?" (Mama wa Katuba)

Mwambie pole, na umtaje mama yake kwa jina. Hilo "umepumzika" uliache, hata kama wengine kumi wamelisema. Najua wanatoa wapi: wameona mashuka yanayofuliwa kila asubuhi na kufuli la mlangoni ili mama asitoke usiku. Lakini rafiki yako anasikia kwamba mama yake alikuwa mzigo, na kwamba kulia kwake kumezidi kipimo.

Ugonjwa huu humtoa mtu nyumbani kidogo kidogo. Siku mama alipomwita binti yake kwa jina la shangazi, binti alifiwa kidogo. Siku aliposimama mbele ya chungu asijue bukari inaanzia wapi, tena. Siku zile hakuna aliyekuja kuketi naye chini, kwani mama alikuwa hai. Mwishoni yalibaki mambo machache: kumwogesha, kumkalisha wima, kumpa uji kijiko kwa kijiko na kungoja ameze. Hayo nayo yameondoka juzi, na ndiyo anayoyalilia.

Basi sema kitu ulichokiona. "Nakumbuka mama alivyokuwa akitupigia kelele tunawe mikono kabla ya kula." Au: "Nilikukuta siku moja unamsuka nywele, alikuwa ametulia kabisa." La kwanza linamrudisha mama wa zamani, ambaye ugonjwa ulimfunika. La pili linamwonyesha kwamba kazi yake ilionekana. Kama hukumjua mama kabla hajaugua, uliza: "Alikuwa mtu wa namna gani?" Kisha nyamaza umsikilize, hata akirudia.

Tena nenda baada ya matanga kuisha, saa za jioni. Wagonjwa wengi wa aina hii huanza kuhangaika jua linapozama: wanataka "kurudi kwao", wanavuta mlango. Anayewachunga huzoea kukaa macho saa hizo. Mgonjwa akishaondoka, mwili bado unaamka usiku kusikiliza hatua kwenye korido ya nyumba. Mgeni wa saa kumi na mbili jioni, wiki ya tatu au ya nne, akileta maneno ya kawaida na chai, anamsaidia kuliko umati wa siku ya maziko.

"Baba alipokata roho nilisikia nafuu kweli. Sijamwambia hata mke wangu. Je, sikumpenda?" (Kijana wa Ruashi)

Ulimpenda, ndugu yangu. Mwaka 2003 watafiti wa Amerika walichapisha habari za familia zilizochunga wagonjwa wa aina hii. Kati ya kila watu 100 waliofiwa, 72 walikiri kwamba kifo kiliwaletea nafuu, na zaidi ya 90 waliamini kimemletea nafuu mgonjwa mwenyewe. Watu hao hao walikuwa na huzuni. Vyote viwili hukaa katika moyo mmoja.

Nafuu hiyo ni yako kuitamka, ukitaka, kwa mtu unayemwamini. Mke wako aliyekuwa akikusaidia kumgeuza mzee kitandani huenda anaficha neno hilo hilo. Mgeni akikutangulia kulisema, una haki ya kumjibu kwa upole: "Tumechoka, ndiyo, lakini tulimtaka."

"Majirani waliomwita kambo yetu mlozi, kwa sababu alitembea usiku na kusema peke yake, leo wako kwenye kilio wanatoa pole. Tuwafukuze?" (Mjukuu, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Msiwafukuze. Ila jambo hilo lisizikwe pamoja naye. Mzee mmoja wa familia, wakati wa kueleza ugonjwa mbele ya watu, aseme wazi: kambo alikuwa na ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo zilikuwa zinakufa, akapoteza saa, akadhani usiku ni mchana, akazungumza na watu wa utoto wake kana kwamba wamekaa mbele yake. Aseme bila kumtazama mtu yeyote. Kwenye kilio watu husikiliza, na barabarani kwenu hakosekani mzee mwingine ambaye ameanza kupotea njia ya sokoni. Kwenu ninyi wajukuu, mliosikia neno lile chungu mkiwa wadogo, pole yangu ni mara mbili.

"Niko Kolwezi, sitafika. Nitume ujumbe gani?"

Mfupi: "Yaya, pole sana kwa kumpoteza Papa. Namkumbuka akitengeneza baiskeli yangu pale uani. Najua ulivyokaa naye mpaka mwisho. Nitakupigia Jumapili jioni." Halafu Jumapili upige kweli.