Ukichagua samaki wa Mtera kwa mradi wa mwisho

Wadogo zangu mnaoanza hesabu za idadi ya viumbe hapa Iringa na Mbeya, najua wengi wenu mtaangukia kwenye samaki wa Bwawa la Mtera. Si chaguo baya. Bwawa liko jirani, pale Migoli unaweza kuwaona wavuvi wenyewe wakishusha perege na kambale, na mlinganyo wake ni mfupi. Ila ufupi huo ndio mtego. Jibu la swali linalowekwa kwenye mitihani, yaani kiwango cha uvuvi ambacho kikivukwa samaki wanaisha, hupatikana kwa mistari mitatu, na anayelipata huweka kalamu chini. Ninachotaka kuwaeleza kipo baada ya mistari hiyo.

Mlinganyo ni huu:

```
dP/dt = rP(1 - P/K) - H
```

P ni uzito wa samaki wote walio bwawani, kwa tani. K ni uzito ambao bwawa linaweza kuubeba lisipovuliwa. r ni kasi ya kuongezeka kwa mwaka wakati samaki bado ni wachache na chakula ni tele. Sehemu hiyo ya ukuaji ni ya Verhulst, Mbelgiji aliyeiandika mwaka 1838. H ni tani zinazotolewa kila mwaka, kiasi kilekile, bila kujali waliobaki majini ni wengi au wachache. Maneno hayo ya mwisho, "bila kujali", yashikeni vizuri; balaa lote linatoka hapo.

Angalieni vipimo kabla ya jambo lolote. Daftari la mwalo linaandika kilo kwa siku, r yenu ni ya mwaka, na K mmeiweka kwa tani. Mkichanganya, mtapata bwawa linaloisha kwa wiki moja, na mtahangaika kutafuta kosa kwenye kompyuta wakati liko kwenye daftari.

Tuchukue K = 400 na r = 0.5. Nimezichagua ili hesabu zitoke vizuri, kwa hiyo msije mkazinukuu kama takwimu za Mtera. Chora ukuaji peke yake, rP(1 - P/K). Ni parabola inayoanzia sifuri pale P = 0, inapanda, kisha inarudi sifuri pale P = 400. Kilele chake kiko katikati, P = 200, na urefu wake ni rK/4, yaani tani 50 kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango chenu cha ukomo. Mstari mlalo wa H ukiwa chini ya 50 unaikata parabola mara mbili. Ukiwa juu ya 50 hauigusi popote, maana yake hakuna kiasi chochote cha samaki ambacho ukuaji wake unaweza kulipa kinachotolewa.

Sasa wekeni H = 32. Mtapata sehemu mbili za mizania, ambapo ukuaji unalingana na uvuvi: P = 320 na P = 80. Ya juu ni imara. Samaki wakipungua hadi 300, ukuaji unazidi 32 na wanarudi; wakizidi 320, ukuaji unapungua na wanashuka. Ya chini si imara hata kidogo. Wakiwa 85 watapanda polepole hadi 320, wakiwa 75 watashuka hadi waishe, kwa H ileile. Wanafunzi wengi huandika "samaki watakuwa 320 au 80", kama vile bwawa linachagua. Bwawa halikai kwenye 80. Ile 80 ni mpaka: juu yake wanapona, chini yake wanakwisha.

Pandisheni H hadi 48, bado chini ya 50. Mizania sasa ni 240 na 160. Kwenye karatasi mambo ni salama, lakini tazameni kilichotokea. Kutoka kwenye mizania hadi kwenye mpaka, zamani kulikuwa na tani 240 za kuponea. Sasa zimebaki 80. Na kuna jambo lingine lisiloonekana kwenye mchoro. Samaki wakisukumwa kidogo kutoka kwenye mizania, kasi ya kurudi inapimwa na mteremko r(1 - 2P/K). Kwa H = 32 mteremko ni -0.3, kwa hiyo pengo linapungua hadi kama theluthi moja kwa miaka 3 na kidogo. Kwa H = 48 ni -0.1, na pengo lilelile linahitaji miaka 10. Kwenye 50 kamili ni sifuri. Kwa hiyo dalili ya kwanza kwamba mmeukaribia ukomo ni samaki kuchelewa kurudi baada ya mwaka mbaya, wakati idadi yenyewe bado inaonekana nzuri.

Halafu vukeni ukomo kidogo tu, H = 52. Hapa ndipo napenda mtu akae na kalamu, au aendeshe programu hii:

```python
r, K, H = 0.5, 400, 52
P, t, dt = 400, 0, 0.01
while P > 0 and t < 200:
    P += dt * (r*P*(1 - P/K) - H)
    t += dt
print(t)
```

Kabla ya kuiendesha, kisieni. Wengi husema miaka mitano au kumi. Jibu ni takribani miaka 55. Ukilitatua kwa mkono utaona pia jinsi miaka hiyo inavyogawanyika: kama 12 kushuka kutoka 400 hadi 240, kama 31 kutoka 240 hadi 160, na 12 kutoka 160 hadi sifuri. Pale katikati ukuaji ni 50 na uvuvi ni 52, bwawa linapoteza tani 2 tu kwa mwaka. Mtafiti akija na kipimo chenye kosa la asilimia kumi, hataiona tofauti hiyo, na ataandika kwamba samaki wametulia kwenye tani mia mbili hivi. Hawajatulia popote. Na tani 80 za mwisho zinaondoka kwa miaka miwili na nusu.

Lile `P > 0` kwenye programu msilitoe. Mlinganyo haujui kwamba samaki hawawezi kuwa chini ya sifuri. Ukiuachia, utaendelea kuvua samaki hasi hadi kompyuta igome, na nimeshaona michoro ya namna hiyo imepigwa chapa na kujalidiwa.

Tatizo linalofuata ni kwamba mmechukulia K haibadiliki. Mtera si ziwa. Ni bwawa la kudhibiti maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, hapo hapo na kule Kidatu chini yake, na maji yake hupanda na kushuka kufuatana na mvua, matumizi ya mitambo, na kinachochukuliwa huko juu kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Maji yakipungua, eneo la kuzalia na la malisho linapungua, na K inashuka nalo. Sema ukame umeishusha kutoka 400 hadi 320. Ukomo mpya ni 0.5 × 320 / 4 = 40. Aliyekuwa anavua 32 bado yuko salama. Samaki watashuka na kutulia karibu na 232. Aliyekuwa anavua 48 amevuka ukomo bila kuongeza hata wavu mmoja.

Je, huyo wa 48 ameshapotea? Inategemea ukame unadumu muda gani. Akianzia kwenye mizania yake ya 240, baada ya miaka mitano samaki ni kama 181. Maji yakirudi hapo na K ikawa 400 tena, mpaka wake ni 160, kwa hiyo wako juu yake kidogo na watapanda, ingawa polepole sana. Ukame ukifika miaka 7 na nusu, wako kwenye 160 yenyewe. Ukipita hapo, maji yakijaa hadi kwenye kingo hayasaidii kitu: K imerudi, ukomo umerudi kuwa 50, uvuvi ni 48, na samaki bado wanakwisha. Kwenye mradi wenu hesabu hii moja ingenifurahisha kuliko kurasa kumi za kuthibitisha rK/4.

Mtauliza kama kuna mwalo unaovua H isiyobadilika kweli. Mara nyingi wavuvi wana mitumbwi ileile na nyavu zilezile, samaki wakipungua mavuno nayo yanapungua, na mlinganyo unakuwa na qEP badala ya H, E ikiwa juhudi ya uvuvi na q wepesi wa samaki kunaswa, kama alivyoufanya mtafiti wa uvuvi Schaefer mwaka 1954. Huo hauna mporomoko wa ghafla. Ila pale ambapo wachuuzi wana oda ya kudumu, au kiwango cha mwaka kimewekwa na kila mtu anapambana kukifikisha, H ndiyo inayotawala. Mvuvi anaongeza saa, anaongeza nyavu, anapunguza ukubwa wa matundu, mwishowe linaingizwa kokoro.

Na hapo kuna jambo la kuangalia kwenye data. Katika ule mfano wa 52, daftari la mwalo lingeonyesha tani 52 kila mwaka kwa zaidi ya nusu karne, mstari ulionyooka kabisa. Jumla ya mavuno haiwezi kuwaambia chochote. Ombeni kilo kwa mtumbwi kwa usiku mmoja, pamoja na idadi na matundu ya nyavu. Hata hiyo msiiamini peke yake: chewa wa Newfoundland, Kanada, waliposhuka walijikusanya sehemu chache, meli zikaendelea kuwapata kwa urahisi na kipimo cha mavuno kwa juhudi kikabaki juu, hadi uvuvi ukafungwa mwaka 1992. Kwa hiyo muulizeni mvuvi pia alivua upande gani wa bwawa. Kama zamani walitega kote na sasa mitumbwi yote inaenda kwenye hori moja, andikeni hilo kwenye safu yake, kando ya kilo.